Kabla ya Kupanda Vanila, Jipime Mwenyewe

Ndugu Wanachama,

Tangu msimu uliopita maswali juu ya vanila yamekuwa mengi kuliko hata maswali juu ya karafuu yenyewe. Karibu yote yauliza jambo moja: kilo ni kiasi gani? Swali hilo si baya, na asiyeliuliza atakuwa mzembe. Lakini katika maswali yote hayo sikupata mtu hata mmoja aliyeuliza: Je, kazi hii ni ya mtu kama mimi? Somo la mwezi huu ni juu ya swali hilo la pili. Nimeichagua vanila kwa kuwa ndiyo iliyo midomoni mwa watu, na kwa kuwa ni kazi ambayo swali hilo huonekana ndani yake waziwazi.

Tuanze na soko, ili tulimalize upesi. Vanila nyingi ya dunia hutoka Bukini. Mwezi wa Machi 2017 kimbunga kilichopewa jina la Enawo kiliipiga kaskazini-mashariki ya kisiwa kile, huko huko kwenye mashamba ya vanila, na bei ambayo ilikwisha panda tangu kabla yake ikafika kiasi cha dola 600 kwa kilo moja ya vanila iliyokwisha kutayarishwa. Watu wa nchi nyingi wakakimbilia kupanda. Mwaka 2020 serikali ya Bukini iliweka bei ya chini kabisa ya kuuzia nje, dola 250 kwa kilo. Mwaka 2023 ikaiondoa, na bei ikaanguka vibaya.

Sasa fikiri, bwana mwenye shamba. Pando la vanila huchukua kiasi cha miaka mitatu mpaka litoe maua ya kutosha. Ua likishika huchukua kiasi cha miezi tisa tena mpaka tunda likomae. Aliyepanda mwaka 2018 kwa kuvutwa na ile bei ya dola 600 hakuchuma kitu cha maana mpaka kiasi cha mwaka 2022, na hata hajazoea kuchuma, bei ikamkimbia. Basi siku ya kupanda, soko ndilo jambo ambalo mkulima hulijua kwa uchache kuliko mengine yote. Ama yeye mwenyewe anaweza kujijua leo: macho yake yakoje, huamka saa ngapi, na milango ya watu gani anaweza kuigonga usiku akafunguliwa. Ajabu ni kwamba twashinda tukilipima lile lisilopimika, na hili lililo mkononi twaliacha.

Ili mtu ajipime kwa kazi fulani, hapana budi aijue kazi yenyewe, si jina lake. Basi tulitazame ua.

Ua la vanila hufunguka mara moja tu katika uhai wake. Hufunguka alfajiri, na likifika adhuhuri limekwisha kusinyaa. Ndani yake sehemu ya kiume yenye chavua na sehemu ya kike zimetengwa na kijiulimi chembamba kama karatasi, wala huku kwetu hakuna mdudu wa kutegemewa anayeweza kukiondoa. Kwa hiyo mtu lazima alichavushe kila ua kwa mkono wake. Njia inayotumika dunia nzima iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Reunioni na kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius. Unalipasua ua kidogo kwa ubavuni kwa mwiba wa mlimau au kijiti cha mwanzi, unakiinua kile kijiulimi, kisha kwa dole gumba unaisukuma chavua mpaka iguse mahali pake. Ua lisiloguswa siku ile halingoji kesho. Huanguka.

Maneno hayo mawili, halingoji kesho, ndiyo yanayoitofautisha kazi hii na kazi yetu tuliyoizoea. Karafuu nayo ina haraka yake, kwani ikiachwa mtini hufunguka na mwishowe huwa mpeta. Lakini karafuu hukupa siku kadha wa kadha. Ukiwa na homa Jumatatu na Jumanne, Jumatano utazikuta mtini zikingali nzuri. Vanila hukupa saa tano au sita, na saa zenyewe ni zile zile ambazo mchumaji wa karafuu anazitaka, yaani tangu kulipopambazuka mpaka jua halijakuwa kali.

Hapa ndipo penye kisiki. Katika visiwa vya Bukini na Ngazija maua ya vanila huja kuanzia Septemba mpaka Desemba, na pengine Januari. Karafuu zetu twazichuma kuanzia kiasi cha Julai au Agosti mpaka mwisho wa mwaka. Basi mwenye mikarafuu akipanda vanila hana budi ajue kwamba maua yatamjia wakati ule ule ambao ngazi zimesimama mitini, wachumaji wanangoja kupimiwa pishi zao, na majamvi yamejaa uani.

Tufanye hesabu ya mfano. Mfano huu nimeubuni, lakini tarakimu zake si za mzaha. Tumchukue mtu mwenye mikarafuu sitini, mke, mwana mmoja mkubwa na watoto watatu walio skuli. Amesikia habari za vanila, akakusudia kupanda mapando mia mbili chini ya miti ya kivuli cha nusu. Pando lililokomaa hutoa mashada mengi ya maua, lakini mkulima mwenye akili hachavushi yote, kwani pando likibebeshwa mno hutoa matunda madogo, nalo hudhoofika na kuingiwa na maradhi. Tuseme mashada manane kwa pando, na maua manane kwa kila shada. Mia mbili mara nane mara nane ni maua 12,800.

Maua hayo hayafunguki siku moja. Kila shada hufungua ua moja moja, pengine mawili, kwa wiki kadhaa, na shamba zima humaliza kwa kiasi cha miezi miwili. Ukiyagawa kwa asubuhi sitini ni kama maua 213 kila asubuhi. Lakini wastani humdanganya mtu. Mwanzo na mwisho wa msimu maua huwa machache, na siku za katikati ukadirie mara mbili ya wastani, yaani maua mia nne na zaidi katika asubuhi moja.

Fundi aliyezoea anaweza kuchavusha maua elfu moja mpaka elfu moja na mia tano kwa siku. Mgeni wa kazi asijipimie kwa fundi. Ajihesabie maua mawili kwa dakika, pamoja na kutembea kutoka pando hadi pando na kuyatafuta yaliyojificha nyuma ya majani. Kwa maua mia nne atahitaji dakika mia mbili, ambazo ni zaidi ya saa tatu. Akianza saa 12 na robo asubuhi, atamaliza saa 3 na dakika thelathini na tano. Mtu wetu huyu wakati wa karafuu huwa ameshika ngazi tangu saa 2. Kwa hiyo ana muda wa saa moja na dakika arubaini na tano, nao unamtosha kuchavusha maua mia mbili na kumi. Nusu ya maua ya siku za katikati, ambazo ndizo siku zenye mali, yataanguka chini naye yuko juu ya mkarafuu akiyatazama.

Wala hapo hatujasema kitu juu ya mvua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huwapita. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema huja mara moja katika miaka mitatu, minne, na katikati yake huja miaka ambayo karafuu ni haba. Mawazo ya kazi mpya, kwa tabia ya binadamu, hutujia katika mwaka wa haba, wakati mikono imekaa bure na mfuko umenywea. Mtu akijipima mwaka huo atajiona ana wakati tele, naye hasemi uwongo. Anao kweli, mwaka huo. Lakini vanila hutoa maua kila mwaka. Mwaka wa neema ya karafuu utakapofika, atajikuta na mazao mawili yakimwita saa moja. Kwa hiyo mkulima wa karafuu ajipime kwa kuukumbuka mwaka wa neema wa mwisho, si mwaka alio nao. Achukue kalamu aandike: mwaka ule, mwezi wa Oktoba, niliamka saa ngapi? Nililala saa ngapi? Nani alikuwa nami? Jioni nani alichambua makonyo? Usiku nani alilala karibu na karafuu zilizoanikwa? Nilipougua, kazi ipi ilisimama?

Nilipomweleza hayo mzee mmoja wa upande wa kaskazini, alicheka akaniambia, "Mwanangu, mimi simo katika hesabu hiyo. Vanila nitamwachia mama watoto na wajukuu." Nikamwuliza, "Na mama amesemaje, mzee?" Akanyamaza, kisha akasema, "Sijamwambia bado."

Sikumcheka, kwani nusu yetu tu hivyo. Twaandika nguvu za watu wengine katika daftari letu kama kwamba ni zetu. Mke katika msimu wa karafuu huchambua mpaka usiku, na alfajiri ndiye anayewasha moto. Watoto saa 1 wako njiani kwenda skuli. Kijana mkubwa leo yupo, kesho amepata kazi Unguja au Dar es Salaam, na pando lililopandwa kwa kutegemea mikono yake lina miaka mingi mbele yake ya kutoa maua. Asiyeulizwa asihesabiwe. Na akiulizwa akakubali, na aulizwe pia fungu lake ni lipi, maana mtu anayejua fungu lake huamka bila ya kuamshwa.

Sasa tuje kwenye ufundi wa mikono. Watu wengi wameniambia kwamba mwenye kujua karafuu hatashindwa na vanila, kwa kuwa zote ni mazao ya kuanika. Maneno haya yana hatari kuliko ujinga mtupu, kwa sababu yanafanana na kweli.

Karafuu twaitaka ikauke upesi. Tukipata jua zuri, siku tano au sita imekwisha, na jicho letu limefundishwa kuiogopa mvua na kulipenda jua. Vanila hutaka kinyume chake. Matunda mabichi hutumbukizwa katika maji ya moto wa kiasi cha nyuzi 63 mpaka 65 kwa dakika kama tatu, si maji yanayochemka. Hutolewa yakafungwa katika mablanketi ndani ya sanduku ili yatoke jasho kwa siku moja au mbili. Kisha hutolewa juani kwa saa chache tu kila siku, na kabla ya jua kushuka hufungwa tena yakiwa na joto lake, hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Halafu hukaushwa kivulini polepole, na mwisho hulazwa ndani ya masanduku kwa miezi miwili, mitatu au zaidi, yakikaguliwa moja moja, kwani tunda moja lenye ukungu huwaambukiza wenzake wote. Mwenye mkono wa karafuu, akifuata mazoea yake, ataziacha juani kutwa nzima mpaka ziwe kavu na kuvunjika kama vijiti, harufu yote imekwenda na upepo. Inachukua kiasi cha kilo sita za mbichi kupata kilo moja iliyotayarishwa, basi akiharibu kilo moja ameharibu sita.

Kwa hiyo ajiulize kwa haki: katika kazi hizi mbili, kuchavusha na kutayarisha, ni ipi iliyo ya kwangu? Si lazima ziwe zote. Wako wakulima wengi wa vanila wasiotayarisha kabisa, ambao huuza mbichi kwa wanaojua. Kuchavusha kunataka vidole vyepesi na macho ya karibu. Kutayarisha kunataka mtu mtulivu, mwenye kukaa nyumbani, asiyechoka kurudia jambo lile lile kwa miezi mitano. Wako mabwana wenye mashamba wazuri sana ambao hawana hata moja la hayo, na si aibu.

Macho yana mtihani rahisi. Nenda chini ya miti saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijapenya, ukiwa na sindano ya kushonea kofia na uzi. Ukiweza kuutia uzi mara kumi bila ya kuhangaika, macho yako yanafaa. Waliopita miaka arubaini na mitano wengi watahitaji miwani ya kusomea; basi gharama ya miwani iandikwe katika gharama za vanila. Nasema hivi bila ya mzaha. Ua lililokosewa na jicho haliungwi tena.

Upande wa watu tunaojuana nao unahitaji maneno yake, hasa kwetu sisi wa karafuu. Twapeleka karafuu zetu kituoni kwa Shirika, zinatazamwa daraja, zinapimwa, tunalipwa. Mazoea haya yana faida zake, lakini yametulea katika jambo moja: mkulima anaweza kuuza karafuu maisha yake yote asipate kumtafuta mnunuzi hata siku moja. Hajui kuandika barua ya biashara, hajui kungoja, wala hajui kumkatalia mtu bei huku mzigo unaharibika. Vanila mbichi ikichumwa haina subira, na kila siku inayokaa kabla ya kuanza kutayarishwa thamani yake hupungua. Mwenye vanila kilo mia na themanini uani, asiye na jina hata moja la mnunuzi, atamwuzia wa kwanza aliyepita na gari.

Hiyo kilo mia na themanini sikuitaja bure. Rudini kwenye yale maua 12,800. Tuseme mtu wetu ameyachavusha yote kwa msaada wa watu, na katika kila mia themanini na tano yameshika. Atapata matunda kama 10,880. Kilo moja ya mbichi ni matunda kiasi cha sitini, basi ni kilo 181. Ni mali, bila shaka. Lakini mali hiyo hukomaa miezi tisa baada ya maua, yaani kiasi cha Juni, Julai na Agosti, nayo haikomai pamoja. Hupitiwa kila baada ya siku chache, na kuchumwa yale tu ambayo ncha yake imeanza kuwa njano. Likichumwa changa halina harufu, likiachwa hupasuka. Na katika miezi ile ya mwisho wezi huja. Huko Bukini wakulima wamefikia hata kuyatoboa matunda mabichi kwa vipini vya sindano, kila mmoja kwa alama yake, ili tunda likiibwa lijulikane ni la nani. Wengine hulala shambani wiki nyingi.

Basi chukua karatasi uandike majina manne. La kwanza, nani atanunua mbichi yangu ndani ya siku mbili nikimpigia simu? La pili, nani atachavusha asubuhi ile niliyoamka na homa? La tatu, nani atalala shambani usiku, na mimi niko kwenye karafuu? La nne, nani anaijua kazi hii, na atakuja kutazama mapando yangu mizizi ikianza kuoza? Liwe jina la mtu, si "watu wa Unguja" wala "jamaa wa hoteli". Kando ya kila jina andika mara ya mwisho mlipozungumza, na yeye amewahi kukufanyia nini au wewe umemfanyia nini. Jina ambalo huna la kuliandika kando yake bado si lako. Mwenye majina mawili ya kweli katika manne ana pa kuanzia, mradi moja kati ya hayo mawili ni la mnunuzi.

Ama jaribio lenyewe la mwili, hilo halifanyiki kwa karatasi. Na kwa kuwa pando lako halitakupa maua kabla ya miaka mitatu, usingoje la kwako. Mtafute mwenye vanila inayotoa maua sasa, umwombe akuruhusu kumsaidia asubuhi kumi mfululizo, bila ya malipo. Ziwe kumi, tena mfululizo. Asubuhi moja kila mtu anaiweza, kwa kuwa ni mchezo mpya. Mimi mwenyewe nilipokaa na mkulima mmoja asubuhi tatu, ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Na ziwe katika siku ambazo kazi zako nyingine zinaendelea kama kawaida, usizisimamishe. Funga kipande cha uzi wa rangi katika mashada uliyoyashika wewe, na kila siku uandike mambo matatu tu: saa uliyofika, maua uliyoyafanya, na saa uliyoondoka.

Siku ya pili na ya tatu rudi uyatazame ya kwanza. Ua ambalo halikushika huanguka upesi. Ua lililoshika hunyauka lakini hubaki limeng'ang'ania pale pale, na kile kikonyo cha nyuma yake huanza kurefuka na kuinama. Kwa mgeni wa kazi, akipata nusu mwanzoni na ikawa yapanda kila siku, mikono yake inafundishika. Ikiwa siku ya kumi bado ni ile nusu ya siku ya kwanza, mikono yake ni ya kazi nyingine. Kadhalika tazama saa ya kufika. Ikiwa siku ya kwanza ulifika saa 12 na robo, na siku ya nane saa 1 na nusu, daftari limekwisha kusema, wala haifai kulibishia kwa kutaja bei.

Tumrudie mtu wetu wa mikarafuu sitini. Tuseme amefanya asubuhi zake kumi, akaona anaweza maua mawili kwa dakika, na kwamba ahadi ya kuwa shambani kabla ya saa 2 anaitimiza siku sita katika saba. Mke amekubali kumshikia ile siku ya saba kwa fungu lake, na siku za homa pia. Mnunuzi wa mbichi anaye mmoja. Mlinzi hana. Mtu huyu vanila inamfaa, ila si ya mapando mia mbili. Apande sitini, karibu na nyumba, mahali ambapo mbwa akibweka atasikia. Mapando sitini kwa hesabu ile ile ni maua 3,840; kwa wastani ni 64 kila asubuhi, na siku za katikati kama 130. Hiyo ni saa moja na dakika tano. Akianza saa 12 na robo, saa 1 na dakika ishirini amemaliza, amekunywa chai, na ngazi inamkuta kwa wakati. Atapata kiasi cha kilo 54 za mbichi, ambazo anaweza kuzichuma, kuzilinda na kuziuza bila ya kumkopa mtu nguvu. Akizitayarisha angepata kilo tisa, lakini nimemshauri asizitayarishe mwaka wa kwanza, mpaka apate wa kumfundisha.

Kilo 54 ni chini ya theluthi ya kilo 181, na najua wako watakaosema nimemvunja moyo. Lakini zile 181 zilikuwa za karatasi. Kwa nguvu alizo nazo, katika mapando mia mbili angeliacha nusu ya maua ya siku bora yaanguke, naye amekwisha kulipa mapando yote, amepalilia yote, ameweka matandazo yote kwa miaka mitatu. Gharama za mia mbili, mavuno ya mia, na karafuu zake zimechelewa juu ya hayo.

Wako pia watakaofanya jaribio wakaona wana shamba, kivuli na mnunuzi, lakini asubuhi hawana. Hao wasiuze wazo lao kwa hasara. Yafaa waingie shirika na mtu mwenye asubuhi: jirani mwanamke asiye na mikarafuu, kijana aliyemaliza skuli, au mshoni wa kofia mwenye vidole vyake. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi kabla ya ua la kwanza. Na katika kulipa msifanye kosa la kulipa kwa maua yaliyoguswa, kwani mtu atakimbiza mkono apate hesabu kubwa. Lipeni kwa maua yaliyoshika, yakihesabiwa na wote wawili pamoja siku ya saba, shada kwa shada, kwa ule uzi wa rangi. Aliyechavusha apewe pia fungu dogo la matunda ya kuchumwa, ili miezi ile ya mwisho, usiku mbwa akibweka, muwe wawili wa kuamka.

Katibu